Gari nililobandika kwenye picha ya Ngorongoro linaonekana kama stika: nilinganisheje weusi na kontrasti kwa Levels na Curves?

KiboGrafiki (mwanzisha uzi)

Habari za kazi, wakuu. Ninatengeneza bango la kampuni ya utalii. Mandhari yake ni sakafu ya kreta ya Ngorongoro iliyopigwa asubuhi, wingu limetanda na kuna ukungu mwepesi kati ya kamera na ukuta wa kreta. Upande wa kushoto kuna kundi la nyumbu na pundamilia wachache. Nimetakiwa kuweka Land Cruiser ya kampuni kando ya wanyama hao, kwa umbali uleule, lakini gari lenyewe lilipigwa picha uani Arusha saa sita mchana.

Ukubwa, usawa wa jicho na mwelekeo wa gari nimeshavilinganisha, na kingo za ukataji ni safi. Pamoja na hayo, gari linaruka mbele ya macho kama stika. Nimepunguza kontrasti kwa Brightness/Contrast, bodi ikapoa kidogo, lakini sehemu zenye giza bado hazikubali kukaa. Vipimo nilivyochukua kwenye paneli ya Info ni hivi:

```
Uwazi juu ya tairi, ndani ya bodi:  R 5    G 5    B 6
Paa jeupe la gari:                  R 250  G 250  B 248
Kichaka cha mbele kabisa:           R 21   G 24   B 26
Nyumbu, chini ya tumbo:             R 47   G 52   B 58
Pundamilia, mstari mweupe:          R 206  G 208  B 210
Ukuta wa kreta, sehemu yenye giza:  R 112  G 124  B 139
```

Natumia Photoshop. Naomba kuelekezwa hatua na sababu zake, kwa sababu kazi za namna hii zinakuja nyingine.

---

SimbaTeke

Mkuu, tatizo liko wazi kwenye vipimo vyako. Weusi wa gari ni 5, ilhali mandhari haina kitu chochote cheusi kiasi hicho. Kanuni ninayoifuata ni kutafuta sehemu yenye giza kuliko zote kwenye mandhari, kisha kuhakikisha kitu kilichobandikwa hakishuki chini ya hapo. Kwako sehemu hiyo ni kichaka, chenye wastani wa 24. Fungua Levels juu ya gari, nenda kwenye Output Levels, sogeza kitelezi cha kushoto kutoka 0 hadi 24, basi umemaliza. Usiguse kitelezi cheusi cha Input Levels, kwa sababu kile huongeza giza na wewe unataka kulipunguza.

---

Nuru_na_Kivuli

SimbaTeke amechagua chombo sahihi, na aliyoyasema kuhusu Output Levels ni kweli. Ila kipimo amekichukua mahali pasipo pake. Kichaka kiko mbele kabisa, karibu na kamera, na gari halitakaa hapo. Litakaa kwa nyumbu.

KiboGrafiki, soma vipimo vyako kwa kufuata umbali. Kichaka cha mbele ni 21, 24, 26. Nyumbu ni 47, 52, 58. Ukuta wa kreta ni 112, 124, 139. Hakuna sababu ya kudhani kwamba nyumbu ni mweupe kuliko kichaka. Kilichobadilika ni unene wa hewa yenye unyevu iliyopo kati ya kitu na lenzi. Hewa hiyo hutawanya mwanga wa anga, na mwanga huo huongezeka juu ya kila kitu kilicho nyuma yake, na huonekana zaidi kwenye giza kwa sababu giza halina mwanga wake wenyewe wa kuufunika. Kwa hiyo mandhari moja haina kiwango kimoja cha weusi, bali kila umbali una kiwango chake. Ukiliwekea gari weusi wa 24 na kulisimamisha karibu na nyumbu mwenye 50, jicho litaliona kuwa limesogea mbele kuelekea kamera, huku ukubwa wake unasema liko mbali. Mgongano huo ndio unaokufanya uone stika.

Jambo la pili ni rangi ya huo weusi. Kwa nyumbu, bluu imezidi nyekundu kwa 11. Kwa ukuta wa kreta imezidi kwa 27. Weusi wa mbali una ubluu, kwa hiyo kitelezi kimoja kinachoinua chaneli zote tatu sawasawa kitakupa kijivu kikavu ambacho hakimo popote kwenye picha yako. Hapo ndipo Brightness/Contrast ilipokwama: haikuruhusu kugusa chaneli mojamoja, na kwa kawaida yake hukunja toni za katikati zaidi kuliko ncha, ilhali ugonjwa wako uko kwenye ncha.

Sasa kazi yenyewe. Weka leya ya marekebisho ya Curves juu ya leya ya gari, kisha shika Alt na ubofye mstari ulio kati ya leya hizo mbili ili marekebisho yabanwe kwenye gari peke yake na yasiguse mandhari. Usianze na RGB. Fungua chaneli moja baada ya nyingine, na katika kila moja sogeza zile nukta mbili za ncha tu, moja ya giza na moja ya mwanga, bila kuongeza nyingine:

```
Red:    Input 5 -> Output 44    Input 250 -> Output 214
Green:  Input 5 -> Output 49    Input 250 -> Output 216
Blue:   Input 6 -> Output 56    Input 248 -> Output 218
```

Utaona kwamba sikunakili namba za wanyama kama zilivyo. Uwazi ulio juu ya tairi ni shimo ambalo mwanga wa anga hauingii vizuri, kwa hiyo una haki ya kuwa na giza kuliko tumbo la nyumbu, ambalo bado linapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye nyasi. Nimeupa pungufu ya mbili au tatu. Vilevile paa ni rangi nyeupe ya kiwandani inayotazama mawingu moja kwa moja, ilhali ubavu wa pundamilia umesimama wima na ni manyoya, kwa hiyo paa nimelizidishia 8. Kipimo cha mandhari kinakuonyesha jirani, halafu wewe unajiuliza kama kitu chako kinastahili kuwa juu au chini ya jirani huyo.

Tahadhari kuhusu namna ya kupima. Weka Eyedropper kwenye 5 by 5 Average, maana pikseli moja ya giza huwa imejaa chembechembe na inaweza kukudanganya. Na pundamilia wa mbali ni mtego: mistari yake ikiwa myembamba kwa pikseli chache tu, nyeusi na nyeupe huchanganyika, ukapata weusi uliopanda na weupe uliopooza kuliko ilivyo kweli. Pima kwenye makalio, ambako mistari ni mipana, na kwa weusi mtegemee nyumbu.

---

MchapajiMoro

Nimefanya kazi ya uchapaji wa mabango kwa muda mrefu. Mkuu, ukisema weusi haukai, angalia mipangilio ya kubadilisha kwenda CMYK. Kuna kisanduku kinaitwa Use Black Point Compensation. Kikiwa hakijawekewa alama, sehemu za giza zote hugandamana kuwa bapa moja nyeusi, na gari litaonekana zito. Kiwekee alama kisha ubadilishe upya.

---

Nuru_na_Kivuli

Mzee wangu MchapajiMoro, kisanduku hicho ni muhimu, lakini kinashughulikia safari ya picha nzima kutoka nafasi moja ya rangi kwenda nyingine. Kitaligusa gari na nyumbu kwa kipimo kilekile, hivyo tofauti iliyopo kati yao itabaki palepale. Mwenye uzi ana tatizo ndani ya picha moja, kabla haijafika kwako. Ila kuna jambo ningependa utusaidie baadaye: wino na karatasi ya bango vikisogeza toni za giza, je, tofauti ndogo ya 44 na 47 inaonekana kweli?

---

MchapajiMoro

Nimekuelewa, binti yangu. Kwa bango la barabarani linalotazamwa kwa mbali, tofauti ya namba tatu haionekani kabisa. Tofauti ya 5 na 47 inaonekana hata na dereva anayepita.

---

KiboGrafiki

Dada Nuru, nimefuata nukta zako chaneli kwa chaneli, na mabadiliko ni makubwa. Gari limerudi nyuma mahali pake bila mimi kulisogeza. Sasa yamejitokeza mawili. La kwanza, bodi imekuwa kama imepakwa maziwa, rangi ya kaki imefifia kuliko nyasi zilizo jirani. La pili ni kivuli chini ya gari. Nilikipaka kwa brashi nyeusi kwenye leya yenye Multiply kwa 80%, na awali kilionekana sawa, ila sasa kinaonekana kama shimo.

---

Nuru_na_Kivuli

Nianze na kivuli, kwa sababu kinaharibu hata hukumu yako juu ya bodi. Multiply ya nyeusi kwa 80% inabakiza moja ya tano ya thamani iliyo chini yake. Kama nyasi za pale ni 96, 98, 84, kivuli chako kinaangukia 19, 20, 17. Hiyo ni chini ya kichaka kilicho mbele ya kamera! Tena bluu ndiyo imekuwa ndogo kuliko zote, kinyume kabisa na weusi wa umbali ule. Ulipokuwa na gari lenye weusi wa 5, kivuli hicho kilipata mwenzake, na ndiyo maana hukukiona.

Usijaribu kukitatua kwa kukiweka pamoja na gari ndani ya kundi moja na kulibana kundi zima kwa Curves. Ukibana marekebisho kwenye kundi, Multiply iliyomo ndani haichanganyiki tena na nyasi zilizo nje ya kundi, na kivuli kitageuka bapa jeusi lililoinuliwa. Njia nyepesi ni kuiacha Multiply. Fanya leya ya kivuli iwe Normal, chagua rangi ya 46, 50, 55, upake kwa brashi laini. Kwa namna hiyo, hata ukipaka mara nyingi kiasi gani, rangi haiwezi kushuka chini ya weusi wa mahali pale. Na kwa kuwa wingu limetanda, giza kamili liwe pale tu tairi linapogusa ardhi, kisha lifunguke haraka. Tazama nyumbu: chini yao hakuna kivuli chenye ukingo.

Kuhusu maziwa. Ncha zako mbili sasa ziko sahihi, lakini umbali kati yao umebanwa. Kwenye chaneli nyekundu, toni zilizokuwa zimetandazwa kwenye hatua 245 zimekunjwa kwenye hatua 170, na kila tofauti ya katikati imepungua kwa kiwango hicho hicho. Kwa sehemu kubwa hiyo ni haki, kwa sababu ukungu hufanya hivyohivyo na pia hufifisha rangi. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chochote, linganisha na kitu halisi: chukua mgongo wa nyumbu palipo na mwanga na ubavu wake palipo na kivuli, uone vimeachana kwa kiasi gani, kisha fanya vivyo hivyo kwa boneti na mlango. Kama mlango na boneti vimekaribiana kuliko nyumbu, ongeza Curves ya pili, nayo ibanwe kwenye gari, ukiwa kwenye RGB:

```
46 -> 46     90 -> 84     170 -> 176     215 -> 215
```

Nukta za 46 na 215 ni misumari ya kuzuia ncha zisitembee. Zile mbili za katikati ndizo zinazofanya kazi, na zinatosha kusogea kwa 6 tu. Leya hii ya pili iweke kwenye Luminosity ili kontrasti irudi bila kurudisha rangi kali ya mchana. Ile ya kwanza iache Normal, kwa sababu pale kufifia kwa rangi ndiko tulikokuwa tunakutafuta.

---

Jahazi_Usiku

Samahani kuingilia, ila nina shida inayofanana. Nimebandika bajaji kwenye picha ya usiku karibu na kivuko cha Kigamboni, na badala ya kuwa nyeusi mno kama gari la mwenzetu, bajaji yangu ina weusi uliopauka, kama ipo nyuma ya kioo kichafu. Weusi wake ni kama 30 na wa mandhari pale jirani ni 8. Nimejaribu Output Levels na inazidi kupauka.

---

SimbaTeke

Mkuu, yako ni kinyume cha hii. Output Levels huinua sakafu, na sakafu yako tayari iko juu. Hapa ndipo Input Levels inapohitajika: sogeza kitelezi cheusi cha Input kutoka 0 kuelekea 22 au 23, weusi wa bajaji utashuka hadi karibu na 8. Na kutokana na maelezo ya Dada Nuru hapo juu, fanya kwa kila chaneli, maana taa za barabarani zikiwa za njano, hata giza lililo karibu nazo linaweza kuwa na unjano. Pima kwanza lami iliyo jirani.

---

Nuru_na_Kivuli

Sahihi kabisa. Nyongeza moja: kuvuta Input hutanua toni, na faili la biti 8 lililobanwa kwa JPEG huanza kuonyesha ngazi na madoa kwenye giza likitanuliwa. Kama una faili halisi la kamera, shusha weusi huko kwanza kabla ya kuleta bajaji kwenye mandhari.

---

Chaneli_Tatu

Nina hoja tofauti kidogo kwa gari la Ngorongoro. Kwa nini tuhangaike na nukta sita? Mimi huweka leya ya Solid Color yenye rangi ya ukungu, naibana kwenye gari, kisha nashusha Opacity. Nimekokotoa kwa namba zenu: rangi ya 135, 152, 173 kwa 30% inaupeleka ule uwazi wa tairi kwenye 44, 49, 56 kamili. Rangi moja, kitelezi kimoja, na mteja akitaka gari lisogezwe mbele nashusha asilimia tu.

---

Nuru_na_Kivuli

Hoja yako ni nzuri, na kihesabu ni mstari ulionyooka ule ule wa Curves, kwa sababu kuchanganya rangi kwa asilimia 30 ni kuinua sakafu na kushusha dari kwa pamoja. Tatizo ni kwamba unapata uhuru wa ncha moja tu. Endelea na hesabu yako hadi kwenye paa: nyekundu inaangukia karibu 216, kijani 221, bluu 225. Tulitaka 214, 216, 218. Weusi umekaa, lakini weupe umekuwa na bluu iliyozidi kwa 7, na paa jeupe ni sehemu kubwa ya gari hilo. Kwa gari la kijani kibichi lisilo na nyeupe ningetumia njia yako bila wasiwasi. Kwa hili ningebaki na nukta sita.

---

Chaneli_Tatu

Ninakubali kuhusu paa. Ila na hizo Curves zenu zinafanya kazi juu ya namba zilizokwisha kupindwa na gama, ilhali ukungu halisi hujumlisha mwanga wenyewe. Ukifanya mchanganyiko kwenye mwanga mnyoofu, toni za katikati zitaangukia mahali pengine hata kama ncha mbili ni zilezile. Huenda ndiyo sababu bodi ilionekana kama maziwa.

---

Nuru_na_Kivuli

Huenda. Ndiyo maana namwambia apime nyumbu kwa katikati pia, asiamini mstari ulionyooka peke yake. Sidhani kwamba kwa ukungu mwepesi hivi tofauti inazidi kile ambacho ile Curves ya pili inaweza kurekebisha, lakini sina ubishi nawe kwa ukungu mzito.

---

Tausi_GIMP

Kwa wanaotumia GIMP: namba hizohizo zinafanya kazi kwenye Colors > Levels, ukichagua Channel na kujaza Output Levels, au kwenye Colors > Curves. Kwenye toleo la 2.10 mabadiliko huandikwa moja kwa moja kwenye leya, kwa hiyo nakili leya ya gari kwanza. Toleo la 3.0 la mwaka 2025 huyaacha yakiwa fx unayoweza kuifungua tena na kuirekebisha.

---

KiboGrafiki

Kivuli nimekibadilisha, na Curves ya pili nimeiweka ila kwa 4 badala ya 6, kwa sababu nyumbu wenyewe hawakuwa na kontrasti kubwa. Kwa ukubwa wa skrini nzima sioni tena stika. Je, kuna namna ya kuhakikisha kabla sijatuma, maana nimelitazama hadi macho yamezoea?

---

Nuru_na_Kivuli

Weka Levels ya muda juu ya leya zote, isiyobanwa popote, na uvute kitelezi cheupe cha Input hadi 90. Kila chenye mwanga kitaungua, na giza litabaki likiwa limekuzwa. Katika hali hiyo gari na nyumbu wanapaswa kuonekana wa familia moja, na kichaka cha mbele kiwe ndicho cheusi kuliko wote. Kisha ifute, halafu tazama chaneli mojamoja kwa Ctrl+3, Ctrl+4 na Ctrl+5. Ubovu mwingi hujificha kwenye bluu. Na ukiwa hapo, angalia kupitia vioo vya gari: kama bado kuna ukuta wa uani unaonekana ndani yake, umeinuliwa pamoja na bodi na utadhani umesalimika, lakini nyuma ya kioo hicho panatakiwa kuwe na nyasi za kreta.

---

KiboGrafiki

Nimefanya. Giza liko sawa kwenye chaneli zote tatu. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kipande cha lango, nimekikata na kuweka mandhari. Kilichobaki ni kivuli cha kioo cha pembeni kilicholala juu ya mlango: ukingo wake ni mkali, wa jua la saa sita, na nikizidi kukiinua kwa Curves mlango mzima unapauka.

---

SimbaTeke

Kizungushie maski na ukiinue peke yake, mkuu. Curves ya tatu, sehemu ile tu.

---

Nuru_na_Kivuli

Hapo mimi na SimbaTeke tunatofautiana. Levels na Curves hubadilisha thamani ya toni, haziwezi kulainisha ukingo wala kugeuza jua kuwa wingu. Ukiinua kivuli hicho kwa maski, utapata umbo lilelile likiwa hafifu, na mstari mwembamba pembezoni mwake pale maski isipofuata vizuri. Ningekifuta kwa kupaka rangi ya mlango juu yake, au ningeomba gari lipigwe tena chini ya wingu, au kwenye kivuli cha jengo.

---

SimbaTeke

Kwa maski yenye Feather ya kutosha nimeshaona ikikubali, hasa kwenye rangi isiyong'aa. KiboGrafiki, ijaribu kwenye nakala kisha utuwekee picha zote mbili hapa tuone.

---

KiboGrafiki

Nitaweka zote mbili leo jioni. Kampuni imesema gari liko njiani kwenda Karatu, kwa hiyo kulipiga upya haitawezekana kabla ya bango kwenda kuchapwa.